Laki na themanini iliyopungua benki: kisa cha kodi ya zuio kwenye ankara ya mshauri

Kampuni ndogo ya ushauri ya Dodoma ilipata kazi kwenye kiwanda cha kusindika mafuta ya alizeti mkoani Singida. Kazi yenyewe ilikuwa kupanga mfumo wa usalama wa chakula, kuanzia mbegu zinapopokelewa hadi chupa inapofungwa. Ilimalizika Septemba 2024, na tarehe 26 ya mwezi huo ankara ikatoka. Ada ya ushauri ilikuwa shilingi 17,500,000, na safari pamoja na malazi 2,500,000 kwa kiwango kilichokubaliwa kwenye mkataba. Hapo ni 20,000,000. VAT ya asilimia 18 ni 3,600,000, kwa hiyo jumla ya kulipwa ikawa 23,600,000.

Tarehe 24 Oktoba benki ikaonyesha 22,420,000.

Mimi ndiye ninayewaandalia hesabu za mwaka, na binti anayetunza vitabu vyao alinipigia siku ileile. Alijua kiwanda kingekata kodi ya zuio ya asilimia 5. Alichokuwa hajui ni kwa nini fedha iliyoingia haikulingana na makato aliyoyategemea. Alitegemea 22,600,000, na hapo palikuwa pamepungua 180,000. Mkurugenzi wake, mtu wa maabara asiyependa karatasi, alikuwa ameshamwambia aandike tu kile kilichoingia kama mapato na wasonge mbele. Kwa bahati nzuri hakumsikiliza.

Kisa hiki nimekichagua kwa sababu fedha yake si nyingi na watu wake wote walikuwa waaminifu, lakini kwa muda wa miezi mitano kodi ileile moja ilikosewa mara mbili, mara ya kwanza kwenye kukokotoa na mara ya pili kwenye cheti. Makosa yote mawili ni ya kawaida mno. Ukipitia mafaili ya washauri kumi utayakuta.

Tuanze na hesabu. Kifungu cha 83 cha Sheria ya Kodi ya Mapato, kwa namba zilizotumika mwaka huo, kinamtaka mkazi anayelipia huduma za kitaalamu katika biashara yake azuie asilimia 5 anapomlipa mkazi mwenzake. Mshauri asiye mkazi ana kiwango chake cha asilimia 15, na habari yake ni tofauti kabisa, kwa hiyo tumwache. Hapa pande zote mbili ni kampuni za Tanzania. Swali linabaki moja tu: asilimia 5 ya nini?

Ni asilimia 5 ya malipo ya huduma, na VAT si malipo ya huduma. Zile 3,600,000 mshauri anazipokea kwa niaba ya Serikali na kuzipeleka TRA, hata siku moja hazikuwa mapato yake. Kodi ya zuio nayo ni kodi ya mapato iliyokusanywa mapema. Kukata kodi ya mapato kwenye fedha isiyo mapato hakuna maana, na ndiyo sababu hesabu inafanywa kwenye kiasi kabla ya VAT:

20,000,000 × 5% = 1,000,000
23,600,000 − 1,000,000 = 22,600,000

Kiwanda kilifanya hivi:

23,600,000 × 5% = 1,180,000
23,600,000 − 1,180,000 = 22,420,000

Ile 180,000 ndiyo asilimia 5 ya VAT. Kuna njia rahisi ya kulitambua kosa hili bila hata kumuuliza mteja. Chukua jumla ya ankara, toa kilichoingia benki, kisha gawanya tofauti hiyo kwa kiasi kabla ya VAT. Ukipata 5% kamili, mteja amekata sawasawa. Ukipata 5.9%, amekata kwenye jumla yenye VAT, kwa sababu 5% mara 1.18 ni 5.9% daima, ankara iwe ya laki tano au ya bilioni. Hapa 1,180,000 gawanya kwa 20,000,000 ni 5.9%. Namba hiyo ikijitokeza huna haja ya kutafuta ada za benki wala kuhisi njama.

Mkurugenzi alikuwa na lalamiko lake jingine. Kwa nini akatwe kwenye fedha ya gari na gesti? Hiyo si faida, alisema, ameila yote njiani. Nilimwelewa, lakini hapo kiwanda kilikuwa sahihi. Zile 2,500,000 alizipanga mwenyewe kwenye bei yake kama kiwango cha jumla. Angelala kwenye gesti ya elfu thelathini au hoteli ya laki mbili, kiwanda kingelipa kilekile. Hiyo ni sehemu ya bei ya huduma. Akitaka gharama za safari zisiguswe, njia iliyo safi ni mteja alipie mwenyewe hoteli na usafiri, risiti zitoke kwa jina la mteja, na kwenye ankara ya ushauri ibaki ada peke yake. Kwa fedha hii mjadala wote ulikuwa wa 125,000, tena si ya kupotea, maana kodi ya zuio kwa kampuni kama yake inarudi kama salio wakati wa ritani. Alinyamaza, ingawa sidhani kama aliridhika.

Binti akampigia mhasibu wa kiwanda. Nilimshauri apige kabla ya kuandika barua, na apige upesi, kwa sababu ya tarehe. Mzuiaji anatakiwa kuipeleka kodi TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi aliozuia kwisha. Malipo ya 24 Oktoba yalikuwa na mwisho wa 7 Novemba. Kabla ya tarehe hiyo kosa linaishi kwenye vitabu vya kiwanda tu, na kulirekebisha ni suala la vocha mpya. Baada ya hapo fedha imeshaingia TRA.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ni ile malipo yenu? Tumeshatuma."

"Tumeipata, asante sana mama. Ila naona zuio limepigwa kwenye jumla yenye VAT. Ankara yetu kabla ya VAT ni milioni ishirini."

Kukawa kimya kidogo, sauti za karatasi. "Eee. Huyu kijana ameichukua jumla ya chini. Subiri, bado sijalipa TRA ya Oktoba. Nitawaongezea hiyo laki na themanini. Lakini na wewe niletee risiti ya EFD inayolingana na fedha iliyoingia, maana mkaguzi wangu atauliza."

Hapo binti alitaka kukubali, na mimi nikakataa. Ombi la namna hii linatolewa kila siku, na wanaolitoa si wakorofi, wanatafuta tu karatasi mbili zenye namba moja. Lakini risiti ya EFD inathibitisha mauzo, na mauzo yalikuwa 20,000,000 na VAT 3,600,000. Zuio halikupunguza bei hata shilingi moja. Kiwanda kimelipa 23,600,000 yote, sehemu kwa mshauri na sehemu kwa TRA kwa jina la mshauri. Ukitoa risiti ya 22,600,000, mashine itaigawa yenyewe na kuonyesha mauzo ya takriban 19,152,542 na VAT ya 3,447,458. Utakuwa umetangaza mauzo pungufu, na mteja naye atadai VAT ya manunuzi pungufu ya ile aliyoilipa. Risiti ya EFD ilikuwa imeshatoka Septemba pamoja na ankara, kwa 23,600,000, na ndiyo hiyohiyo aliyotumiwa tena. Kinachounganisha risiti hiyo na benki kwenye faili la mkaguzi ni cheti cha kodi ya zuio. Kazi yake mojawapo ni hiyo.

Na kwa kuwa tumeigusa VAT, kuna jambo linalowauma washauri wengi ambalo hapa lilitokea bila kelele. Ankara ni ya Septemba, kwa hiyo VAT yake ya 3,600,000 iliingia kwenye ritani ya VAT ya Septemba, iliyowasilishwa Oktoba, siku kadhaa kabla kiwanda hakijalipa. Kampuni iliitoa mfukoni mwake. VAT inafuata ankara, kodi ya zuio inafuata malipo, na ndiyo maana namba hizi mbili zinaweza kukaa kwenye miezi tofauti bila mtu kuwa amekosea. Anayelinganisha ritani ya VAT ya Oktoba na zuio la Oktoba na kushangaa kuwa havipatani anapoteza siku bure.

Sasa vitabu. Siku ankara ilipotoka, 26 Septemba, maingizo yalikuwa ya kawaida:

Debiti: Wadaiwa, kiwanda 23,600,000
Krediti: Mapato ya ushauri 20,000,000
Krediti: VAT ya mauzo 3,600,000

Kodi ya zuio haionekani hapa, na haitakiwi. Wapo wanaoiandika siku ya ankara kwa kuwa wanajua itakatwa, kisha mteja analipa nusu mwezi huu na nusu mwezi ujao, au halipi kabisa, nao wamebaki na kodi vitabuni ambayo hakuna aliyeizuia. Zuio linazaliwa siku ya malipo.

Tarehe 24 Oktoba ndipo palipohitaji uamuzi. Benki imepokea 22,420,000. Je, kodi ya zuio iandikwe 1,180,000 kama kiwanda kilivyokata, au 1,000,000 kama sheria inavyotaka? Niliagiza iandikwe 1,000,000 na tofauti ibaki kwenye deni la kiwanda:

Debiti: Benki 22,420,000
Debiti: Kodi ya zuio, cheti hakijapokelewa 1,000,000
Krediti: Wadaiwa, kiwanda 23,420,000

Akaunti ya kiwanda ikabaki na 180,000. Ni muhimu ibaki pale, ionekane kila mwezi orodha ya wadaiwa inapochapwa, hadi mtu ailipe au aitolee maelezo. Ilikuja tarehe 31 Oktoba, ikafungwa kwa debiti ya benki na krediti ya wadaiwa.

Ingekuwaje kama mama yule angekuwa ameshapeleka 1,180,000 TRA? Hapo ningebadili maingizo. Sheria inamhesabu aliyezuiwa kuwa amelipa kodi kwa kiasi kilichozuiwa kwake, kwa hiyo mshauri angekuwa na salio la 1,180,000 TRA, na kuidai 180,000 hiyohiyo kiwandani kungekuwa kuidai mara mbili. Ningechukua cheti cha 1,180,000 jinsi kilivyo, mradi kimeandika kiasi hicho, na ile 180,000 ingeonekana kama nafuu kwenye kodi ya mwaka. Mshauri angeumia kwa kungoja, si kwa hasara. Kudai marekebisho TRA kwa 180,000 ambayo utaitumia ndani ya mwaka huohuo ni kazi isiyolipa. Ila kampuni inayotarajia hasara mwaka huo ingefikiri tofauti, kwa sababu salio lisilo na kodi ya kulimeza linageuka kuwa dai la kurejeshewa, na hilo lina safari yake ndefu.

Jina la ile akaunti, "cheti hakijapokelewa", si pambo. Nawashauri wateja wangu wawe na akaunti mbili za kodi ya zuio. Ya kwanza inashika kile kilichokatwa ambacho karatasi yake haijafika. Ya pili inashika kile chenye cheti mkononi, kilichokaguliwa. Kampuni nyingi zina akaunti moja tu, na mwisho wa mwaka ina milioni nane, na hakuna anayejua kati ya hizo ni ngapi zinaweza kuthibitishwa. Kwa sheria, kuzuiwa ndiko kunakokupa haki ya salio. Mbele ya afisa wa kodi, kinachokupa salio ni cheti. Nafasi kati ya mambo hayo mawili ndiyo inayokaa kwenye akaunti ya kwanza, na inapaswa kuwa inaelekea sifuri.

Mzuiaji anatakiwa kumpa aliyezuiwa cheti ndani ya siku 30 baada ya mwezi wa malipo kwisha. Kwa Oktoba hiyo ni 30 Novemba. Tarehe ilipita, binti akakumbusha, akaahidiwa, akakumbusha tena. Cheti kilifika katikati ya Desemba kwa barua pepe, kimetolewa kwenye mfumo wa TRA, kiasi cha malipo 20,000,000, kiwango asilimia 5, kodi 1,000,000. Yeye akafurahi. Alikuwa ameshaanza kuandika ingizo la kuhamisha kutoka akaunti ya kwanza kwenda ya pili aliponitumia nakala.

TIN ilikuwa ya mkurugenzi.

Si ya kampuni. Ni ile TIN yake binafsi. Jina lililotokea kwenye cheti lilikuwa lake, majina matatu kamili, na kwa kuwa kampuni imebeba jina lake la ukoo, jicho la haraka halikushtuka. Chanzo kilijulikana baada ya simu moja. Mwaka mmoja kabla, mkurugenzi huyo alikwenda kiwandani peke yake kufundisha wafanyakazi kwa siku mbili, akalipwa kama mtu binafsi. Kiwanda kikamsajili kwenye orodha ya wauzaji kwa TIN yake. Kampuni ilipokuja na ankara mwaka uliofuata, karani akatafuta jina la ukoo, akalipata, akalichagua. Malipo ya benki yalikwenda kwenye akaunti sahihi kwa sababu namba ya akaunti ilisomwa kwenye ankara. TIN haikusomwa, ingawa ilikuwa pale juu kulia.

Mkurugenzi alipoelezwa alicheka. "Si yangu na kampuni ni yangu? Kodi imelipwa, basi." Hapa ndipo nilipomkalisha chini. Kwa TRA, yeye na kampuni ni walipakodi wawili. Ile milioni imekaa kwenye akaunti ya mtu ambaye hakupata mapato ya milioni ishirini, na kampuni iliyopata mapato hayo haina kitu. Tukiiacha, kampuni ingelipa milioni yake upya. Na yeye binafsi angeonekana kwenye mfumo kuwa amelipwa 20,000,000 kwa huduma ambazo hakuzitangaza, jambo ambalo afisa angeweza kumwita nalo baada ya miaka miwili, wakati mhasibu wa kiwanda ameshahama na karani hakumbuki. Mwenye kampuni anayechanganya TIN zake anaona anahamisha fedha mfuko mmoja kwenda mwingine wa suruali ileile, lakini TRA inaona suruali mbili.

Kosa hili halirekebishwi na aliyezuiwa. Mshauri hawezi kuingia popote akabadilisha TIN kwenye cheti alichotengenezewa na mwingine. Ni lazima mzuiaji aanze. Tulimwandalia mhasibu wa kiwanda bahasha iliyokamilika ili asiwe na sababu ya kuchelewa: nakala ya ankara yenye TIN ya kampuni, nakala ya mkataba, risiti ya EFD, uthibitisho wa benki kuwa fedha iliingia akaunti ya kampuni, na barua fupi ya mkurugenzi akikiri kuwa yeye binafsi hakupokea malipo hayo. Barua hiyo ya mwisho hakuna aliyeiomba. Niliiongeza kwa sababu marekebisho yanamtoa mtu mmoja salio na kumpa mwingine, na anayeyashughulikia atataka kujua kama anayenyang'anywa ameridhia. Kiwanda kikapeleka ofisi ya TRA ya mkoa. Cheti kipya chenye jina na TIN ya kampuni kilipatikana Februari 2025.

Katikati ya kungojea huko kulikuwa na tarehe 31 Desemba, na ndiyo sehemu ya kisa hiki iliyonifanya nifikiri zaidi. Kampuni hulipa kodi ya mapato kwa awamu nne za makadirio, kila mwisho wa robo mwaka. Makadirio yao ya 2024 yalikuwa faida ya 42,000,000, kodi kwa asilimia 30 ni 12,600,000, na walishalipa awamu tatu za 3,150,000 kila moja, yaani 9,450,000. Kanuni ya awamu inaruhusu kutoa kile kilichokwisha kulipwa pamoja na kodi iliyozuiwa kwenye malipo yaliyopokewa mwaka huo kabla ya tarehe ya awamu, kisha kinachobaki kugawanywa kwa idadi ya awamu zilizosalia. Ilibaki moja:

12,600,000 − 9,450,000 − 1,000,000 = 2,150,000

Je, tulipe 2,150,000 wakati cheti sahihi hakipo, au tulipe 3,150,000 tuwe salama? Binti alitaka usalama. Mimi nilisema tutoe. Kanuni inazungumzia kodi iliyozuiwa, nayo ilikuwa imezuiwa, tulikuwa na vocha ya kiwanda inayoonyesha makato na benki inayoonyesha upungufu, na kosa la TIN lilikuwa linashughulikiwa kwa maandishi. Kulipa milioni ya ziada kungeigeuza akiba ya mishahara ya Januari kuwa salio TRA. Hata hivyo uamuzi huo una masharti. Kama kiwanda kingekuwa hakijibu simu, au ningekuwa na shaka kuwa kodi haikupelekwa kabisa, ningewaambia walipe 3,150,000 na tugombane na kiwanda baadaye. Mwenzangu mmoja wa taaluma hii niliyemsimulia anasema angelipa yote hata hivyo. Simlaumu, ila fedha ya mteja si yangu kuilaza.

Cheti kilipofika tulikikagua kabla ya kukigusa vitabuni. Tuliangalia jina na TIN ya kampuni, herufi kwa herufi na tarakimu kwa tarakimu. Tukaangalia jina na TIN ya kiwanda, kwa sababu kiwanda kilicho chini ya kampuni mama mara nyingine hulipia kutoka TIN nyingine. Mwezi wa malipo ulitakiwa usome Oktoba 2024, si Februari 2025 cheti kilipochapwa. Hili lina uzito, maana cheti chenye mwezi wa 2025 kingelisogeza salio kwenye mwaka ambao mapato yake hayapo. Kisha kiasi cha malipo, 20,000,000, na kodi 1,000,000. Mwishoni tukahakikisha kina kumbukumbu ya malipo yaliyofanywa TRA, kwa kuwa kuna wazuiaji wanaokupa karatasi waliyojiandalia wenyewe kwenye kompyuta ya ofisi, yenye muhuri mzuri, na kodi bado wanayo.

Kisha ingizo:

Debiti: Kodi ya zuio, vyeti vilivyopokelewa 1,000,000
Krediti: Kodi ya zuio, cheti hakijapokelewa 1,000,000

Namba ya cheti iliandikwa kwenye maelezo ya ingizo, na mstari ukajazwa kwenye daftari la vyeti. Daftari lenyewe ni jedwali la kompyuta lenye tarehe ya malipo, mteja na TIN yake, namba ya ankara, kiasi kabla ya VAT, kodi iliyotegemewa, kodi iliyokatwa, namba ya cheti na tarehe kilipofika. Safu mbili za kodi zikikaa pamoja, kosa la 5.9% linajionyesha lenyewe. Tarehe ya kufika ikiwa tupu baada ya siku 30 za mwezi unaofuata, unajua umpigie nani.

Ritani ya mapato ya 2024 ilikuwa na mwisho wa 30 Juni 2025. Faida halisi inayotozwa kodi ilitoka 46,000,000, zaidi ya makadirio, kwa hiyo kodi ni 13,800,000. Wateja wengine wa mwaka huo walikuwa watu waliojilipia mafunzo mafupi, ambao hawazuii, hivyo cheti kilikuwa kimoja tu. Ukitoa awamu zote nne za 11,600,000 na zuio la 1,000,000, iliyobaki kulipwa ni 1,200,000.

Turudi kidogo kwa wazo la mkurugenzi la siku ya kwanza, la kuandika kilichoingia tu, maana ndilo ninalokutana nalo zaidi. Kuandika hivyo ni sawa na kulihesabu zuio kuwa gharama, kana kwamba ni punguzo alilopewa mteja. Mapato yangesomeka 19,000,000, faida ingeshuka kwa milioni moja hadi 45,000,000, na kodi ingekuwa 13,500,000 badala ya 13,800,000. Angeokoa 300,000 na kushangilia. Lakini salio la 1,000,000 lisingedaiwa popote, kwa hiyo jumla angekuwa ametoa 700,000 zaidi. Tena mapato ya ritani yasingepatana na mauzo ya VAT, ambayo yalitangazwa 20,000,000, na tofauti ya aina hiyo ndiyo huanzisha maswali. Anayefunga vitabu vya mshauri na kuona mapato ya mwaka yako chini ya mauzo ya ritani za VAT kwa karibu asilimia 5 kamili, hapo ndipo pa kuchimba kwanza.

Ingizo la kufunga lilikuwa debiti ya kodi ya mapato inayodaiwa 1,000,000 na krediti ya vyeti vilivyopokelewa 1,000,000. Akaunti zote mbili za zuio zikasoma sifuri.

Ankara za kampuni hiyo zimebadilika tangu hapo. Chini ya jumla kuna mstari unaosema "Kodi ya zuio 5% ya 20,000,000 (bila VAT): 1,000,000", na chini yake "Fedha ya kuingia benki: 22,600,000". TIN ya kampuni imeshuka kutoka kona ya juu na sasa iko kando ya namba ya akaunti ya benki, mahali karani hawezi kupita bila kuisoma. Kisa hiki ni cha kabla ya Sheria ya Fedha ya 2025 kuleta zuio juu ya VAT yenyewe. Mshauri anayelipwa na taasisi inayohusika na utaratibu huo sasa anaweza kukatwa mara mbili kwenye ankara moja, na daftari lake litahitaji safu nyingine na akaunti nyingine, kwa kuwa lile zuio la pili linarudi kwenye ritani ya VAT na wala halihusiani na kodi ya mapato.